Kilimia: nyota za mkulima katika methali tusiyoielewa tena

Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hii ya Waswahili ni ya kale, na bado inapatikana katika mikusanyo ya methali ambayo wanafunzi wetu hubeba mikobani. Niliwahi kuiandika ubaoni mbele ya wanafunzi wangu na kuwauliza kilimia ni nini. Mmoja akasema ni mkulima mdogo. Mwingine akakisia kuwa ni mdudu anayejificha ardhini wakati wa kiangazi. Wa tatu, aliyekuwa mwerevu kuliko wenzake, akanikumbusha kwamba neno lenyewe lina mzizi wa kulima, basi huenda likawa jembe. Hakuna aliyetazama juu.

Kilimia ni kishada cha nyota. Ni nyota sita au saba zilizobanana mahali pamoja mfano wa vifaranga waliojikunyata kwa baridi, na mtu mwenye macho mazuri huweza kuhesabu hata zaidi ya hapo usiku usio na mwezi. Wagiriki wa kale waliziita Pleiadi. Waarabu huziita Thuraya, jina ambalo mabinti wengi wa pwani yetu wamepewa. Wajapani huziita Subaru, yaani zilizokusanywa pamoja. Naam, ndiyo Subaru ile ile ambayo vijana wetu huinguruma nayo barabarani usiku wa manane. Nembo iliyo mbele ya gari hilo ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo, na nyota hizo ni Kilimia. Kwa hiyo wapo Wakenya wanaoendesha Kilimia kila siku na hawajawahi kukiona.

Kabla sijarejea kwenye methali, hebu nieleze jinsi ya kukipata, maana hadithi zote nitakazosimulia zinategemea mpangilio wa nyota jinsi ulivyo. Subiri mwezi wa Desemba, giza linapoingia, kisha utazame mashariki. Kilimia huchomoza kwanza. Takriban dakika 50 baadaye huchomoza nyota moja kubwa yenye wekundu. Waarabu waliiita Dabarani, na maana yake ni mfuasi. Baada ya saa nzima nyingine huja nyota tatu zilizopangana katika mstari ulionyooka, ambazo Wagiriki walisema ni mshipi wa mwindaji aitwaye Orioni. Ukizipata hizo tatu, na hakuna anayezikosa, fuata mstari wao kwa macho kuelekea kaskazini magharibi, utafika kwa Dabarani, kisha kwa Kilimia. Huo ndio msafara wenyewe: kishada mbele, mwekundu nyuma yake, watatu mwisho. Wote huvuka anga usiku kucha, wala hakuna anayempiku mwenzake, na nafasi iliyo kati yao haipungui hata kidogo.

Msafara huu ndio uliowakalisha watu macho. Mtu anapoona vitu vitatu vikifuatana kila usiku bila kukutana, lazima aulize: huyu wa nyuma anamtakia nini yule wa mbele, na kwa nini hamfikii? Majibu yaliyotolewa na watu mbalimbali yanafanana kwa namna ya kushangaza katika jambo moja, kisha yanatofautiana katika jambo jingine.

Wagiriki walisema kwamba Pleiadi ni mabinti saba wa Atlasi, yule jitu aliyebebeshwa mbingu mabegani, na mama yao aliitwa Pleione. Orioni aliwaona akawatamani, akawafukuza asichoke. Zeusi, mkuu wa miungu, akawahurumia, akawageuza njiwa, kisha akawapandisha mbinguni wakawa nyota. Orioni naye alipokufa akapandishwa huko huko, na hadi leo anawafukuza.

Waarabu wa jangwani walikuwa na kisa chao, na ninakipenda zaidi kwa kuwa kinazungumzia mambo tunayoyajua: posa na mahari. Dabarani alimpenda Thuraya, akamtuma mwezi ampelekee posa. Thuraya akauliza atafanya nini na mwanamume asiye na mali. Dabarani hakukata tamaa. Alikusanya ngamia wake wachanga, ambao ni zile nyota ndogondogo zinazomzunguka, akaanza kumfuata Thuraya huku akiwaswaga mbele yake, amwonyeshe kwamba mahari anayo. Bado anamfuata. Bibi harusi hajageuka.

Tukishuka sasa kusini mwa Afrika, kwa Wanama wa Namibia na kaskazini mwa Rasi, tunakuta kisa kilichoandikwa katika karne ya 19, na kwa maoni yangu ndicho kinachosoma anga kwa makini kuliko vyote. Kilimia kwao ni wanawake waitwao Khunuseti. Dabarani ni mume wao. Siku moja wanawake walimwambia mume wao aende awawindie wale pundamilia watatu, yaani nyota tatu za mshipi, na asithubutu kurudi nyumbani mikono mitupu. Mume akatoka na upinde na mshale mmoja tu. Akafuma, akakosa. Mshale ukaanguka kando ya pundamilia, na unaonekana hadi leo kama nyota chache zilizopangana karibu na zile tatu. Akataka kwenda kuuokota, lakini upande wa pili alikuwapo simba, nyota kubwa nyekundu, naye pia akiwavizia pundamilia hao hao. Basi bwana yule hawezi kwenda mbele kwa sababu ya simba, na hawezi kurudi nyuma kwa sababu ya wake zake. Amekaa hapo alipo usiku kucha, anatetemeka kwa baridi, ana njaa na kiu.

Ukirudi kutazama anga baada ya kusikia hayo, utaona kwamba hakuna kilichobuniwa ovyo. Dabarani kweli amekwama kati ya Kilimia na zile nyota tatu. Mgiriki na Mwarabu walitazama mwendo, wakaona mtu anayefuata asifike. Mnama alitazama nafasi, akaona mtu aliyebanwa katikati. Kitu kilichofanana katika visa vyote vitatu kinatoka mbinguni: wanawake mbele, mwanamume nyuma, umbali usiopungua. Kilichotofautiana kinatoka nyumbani kwa msimuliaji. Kwa Mgiriki ni tamaa na miungu, kwa Mwarabu ni mahari, na kwa mwindaji wa Kinama ni aibu ya kurudi bila nyama.

Wapo wataalamu waliojaribu kueleza kwa nini watu wengi, Wagiriki na hata wenyeji wa Australia, husema kwamba wanawake hao ni saba ilhali jicho la kawaida huona sita. Wanaastronomia wawili, Ray Norris na Barnaby Norris, walipendekeza kwamba miaka 100,000 iliyopita nyota mbili za kishada hiki zilionekana kuwa na nafasi kubwa zaidi kati yake, hivyo saba zikahesabika kwa urahisi. Kwao, huenda kisa hiki kilianzia Afrika kabla ya binadamu kutawanyika duniani. Ni wazo la kuvutia, ila mimi sijashawishika. Mwendo wa nyota hizo unapimika, lakini hadithi haina alama ya umri. Watu wawili wasiojuana wanaweza kutazama kishada kile kile kikifuatwa na nyota moja kubwa na wote wakawaza wanawake na mwanamume.

Sasa Waswahili je? Na Wabantu wenzao? Hapa mtu anaweza kudhani kwamba sisi hatukusimulia kitu, kwa kuwa hatuna kisa maarufu cha mabinti wala cha mahari za ngamia. Tunalo neno lenyewe.

Tulichambue neno hilo jinsi tufanyavyo katika ukumbi huu. Kilimia kina kiambishi ki-, kisha mzizi -lim-, kisha -i- ya kutendea, kisha kiishio -a. Kulimia ni kulima kwa ajili ya kitu, au kwa kufuata kitu, au wakati fulani. Kilimia basi ni kile ambacho watu hulimia, yaani wanalima kwa kukitazama. Sasa tazama majirani wa mbali. Wazulu na Waxhosa huziita nyota hizi isiLimela. Wasotho husema Selemela, Wavenda Tshilimela. Mtu asidhani ni bahati nasibu. Kiswahili kina tabia ya kudondosha l iliyokuwa kati ya irabu mbili. Mchewa husema mvula, sisi husema mvua. Yeye husema njala, sisi husema njaa. Kwa kanuni hiyo hiyo, pale Mzulu anapotamka -limela, Mswahili hutamka -limia, na isi- ya Mzulu ndiyo ki- yetu. Neno ni moja, limepitia mabadiliko yale yale yaliyoipitia mvua na njaa.

Mwenye shaka anaweza kusema kwamba kila jamii iliunda neno lake kivyake, maana kila mmoja ana kitenzi cha kulima na kila mmoja ana kiambishi hicho. Ni hoja ya haki. Lakini fikiria: kati ya majina yote ambayo mtu angeweza kuzipa nyota hizi, kuku na vifaranga, mabinti, njiwa, kichane, kwa nini watu kutoka Lamu hadi Rasi wachague lile lile la kulima, tena kwa muundo ule ule wa kutendea? Mimi naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba neno lilisafiri na wakulima wenyewe walipokuwa wakienea na mbegu zao.

Hapo ndipo tatizo la kweli linapoanza, kwa sababu neno lilisafiri ila mvua haikusafiri nalo. Ili tuelewe hilo, inabidi tujue Kilimia hufanya nini katika mwaka mzima.

Nyota zote huchomoza dakika nne mapema kila siku kuliko siku iliyotangulia. Dakika nne ni kidogo, lakini katika siku 15 zinakuwa saa nzima, na katika mwezi zinakuwa saa mbili. Chukua Mombasa. Mnamo tarehe 20 Novemba Kilimia huchomoza jua linapotua na hukaa angani usiku kucha. Kufikia tarehe 20 Februari, giza linapoingia kiko juu, na huzama magharibi mwendo wa saa sita za usiku. Tarehe 20 Machi huzama karibu saa nne. Tarehe 20 Aprili huzama karibu saa mbili, muda mfupi tu baada ya watu kula chajio. Mwanzoni mwa Mei kimeshuka sana hivi kwamba huzama kabla giza halijakolea, na mwanga wa machweo hukimeza. Hapo ndipo wazee waliposema Kilimia kimezama. Si kuzama kwa usiku mmoja, ambako hutokea kila siku, bali kutoweka kabisa. Jua linapita mbele yake yapata tarehe 20 Mei, na kwa zaidi ya mwezi mmoja hakionekani jioni wala alfajiri. Kisha, yapata wiki ya pili ya Juni, anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri na kutazama mashariki hukiona tena, chembamba, karibu na upeo wa macho. Huko ndiko kuzuka.

Kule kusini, kwa Waxhosa na Wazulu, mvua hunyesha tangu Oktoba hadi mwanzo wa mwaka. Juni ni baridi kali na ukavu. IsiLimela inapoonekana alfajiri, ujumbe wake ni kwamba msimu wa kulima unakaribia, basi majembe yaanze kutayarishwa. Waxhosa huuita mwezi wa Juni kwa jina la nyota hizo. Tena mwanamume wa Kixhosa huhesabu miaka ya utu uzima wake kwa isiLimela, yaani ni mara ngapi nyota hizo zimerudi tangu alipotahiriwa. Kwao, kuzuka ndiko muhimu.

Kwetu mambo yamepinduka. Mvua ya masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Anayesubiri Kilimia kizuke Juni ndipo alime, huyo atavuna majani. Nyota zetu za kulimia ni zile za jioni. Kadiri Kilimia kinavyoteremka magharibi mwezi wa Februari na Machi, ndivyo mkulima anavyojua kwamba siku za kufyeka na kuchoma zinaisha na siku za kupanda zinakuja. Jina ni lile lile, ila upande wa saa tunaousoma ni tofauti. Wamaasai, ambao si Wabantu na hawakuwa wakulima, walisoma upande huo huo wetu. Hollis, aliyeandika kuwahusu mwaka wa 1905, alieleza kwamba walisema nyota hizi, wanazoziita Nkokua, ni sita na hufuatana kama ng'ombe. Walikuwa na mwezi uliopewa jina lao, na nyota zilipotoweka katika mwezi huo, walijua kwamba mvua kubwa imekwisha, na hazingeonekana tena hadi msimu wa manyunyu upite. Mfugaji aliona ng'ombe pale mkulima alipoona jembe, lakini walikubaliana kuhusu mvua.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani hawakuwa na kalenda? Waswahili walikuwa nayo ya Kiislamu kwa karne nyingi. Naam, lakini mwaka wa mwezi una siku 354. Kila mwaka unarudi nyuma siku 11 hivi kuliko misimu, ndiyo maana Ramadhani huwa mara ya kiangazi, mara ya masika. Haiwezi kumwambia mtu lini apande mtama. Kwa hiyo pwani ilitumia pia mwaka wa jua ulioanzia siku ya Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku. Huo ulifaa zaidi kwa mkulima na kwa nahodha. Hata hivyo, kwa kuwa haukuongezwa siku kila baada ya miaka minne, nao ulikuwa ukiteleza siku moja kila miaka minne. Kilimia huteleza pia, lakini kwa mwendo wa konokono: siku moja katika miaka 71 hivi, kwa sababu mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka. Mkulima wa Gede miaka 700 iliyopita alikiona kikizama takriban siku kumi mapema kuliko sisi. Mshairi wa Kigiriki Hesiodi, aliyewashauri wakulima wa kwao yapata mwaka wa 700 kabla ya Kristo wavune nyota hizi zinapochomoza na walime zinapozama, alisema kwamba hufichika siku 40. Mgiriki wa leo akifuata ushauri wake atachelewa zaidi ya mwezi mzima.

Sasa turudi kwa methali yetu tukiwa na haya mkononi. Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sehemu hii haina utabiri mkubwa. Kilimia huzama mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, na huzuka Juni, mvua ikiwa imepungua. Katika mwaka wa kawaida ni kweli karibu kila mara, na mtu hahitaji uganga kuisema. Ni ratiba.

Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hapa anazungumza mkulima ambaye Mei imefika na shamba bado ni vumbi. Amepanda mapema, mbegu zimeungua, na anatazama magharibi jioni bila wingu hata moja la kumzuia kuona Kilimia kikizama. Anajiambia kwamba mvua imechelewa tu, haijanyimwa, na nyota zitakapozuka itakuwa imefika. Wakati mwingine huwa hivyo. Wakati mwingine siyo. Mwaka wa 1984 mvua ya masika ilikosekana katika sehemu nyingi za Kenya. Wenye umri wanakumbuka unga wa manjano wa msaada. Mwaka huo, kwa wengi Kilimia kilizama kwa jua na kikazuka kwa jua, na nafuu ikaja wakati wa vuli. Methali haikuwa sheria ya mvua. Ilikuwa kauli ya mtu anayejitia moyo kwa kitu pekee alichojua hakiwezi kukosa miadi.

Kuna pia jambo la kiutendaji ambalo asiyetazama anga hawezi kuligundua. Ikiwa masika ni mazuri, mawingu huziba magharibi kila jioni, na huwezi kuona Kilimia kikitoweka. Unajua tu kwamba kimezama kwa sababu ulikuwa ukifuata mteremko wake tangu Februari. Anayekiona kwa macho yake kikizama, usiku baada ya usiku, katika anga safi, ameona habari mbaya. Kwa hiyo maneno "kwa jua" na "kwa mvua" hayakuwa mapambo ya mizani. Yalikuwa maelezo ya kile ambacho mtazamaji aliweza kuona na kile ambacho hakuweza.

Vitabu vyetu vya methali hueleza, pale vinapoeleza, kwamba maana yake ni dunia hubadilika, leo raha kesho karaha. Sipingi, methali hutumika hivyo. Lakini mwanafunzi anayepewa maana ya ndani bila maana ya nje hana tofauti na aliyepewa ganda la nazi akaambiwa ni kikombe. Atalitumia, ila hatajua kwamba palikuwa na nazi. Hatajua kwamba "kuzama" na "kuzuka" hapa zina tarehe, wala kwamba katikati yake pana mwezi mzima na zaidi ambao mkulima hana nyota ya kumwongoza na lazima amalize palizi kwa kubahatisha.

Mwalimu anayefundisha methali hii hahitaji darubini. Awaambie wanafunzi waliobaki nyumbani wakati wa likizo ya Aprili watazame magharibi saa moja na nusu jioni, mara moja kila wiki, na waandike mambo mawili: Kilimia kiko juu kiasi gani ukikipima kwa vidole vya mkono ulionyooshwa, na kama siku hiyo mvua ilinyesha. Wa mijini watasumbuliwa na taa, lakini zile nyota tatu na Dabarani wataziona, na hizo zitawaonyesha mahali pa kutazama. Wakirudi shuleni mwezi wa Mei, waulizwe swali moja tu: mwaka huu kimezama kwa jua au kwa mvua?